Kilo 38 zilizopotea kamera inapofunguka

Shangazi yangu ni katibu wa kikundi cha akinamama wanaolima mwani huku kaskazini ya Pemba, upande wa Micheweni, na miaka yote alikuwa anaandika kilo za watu kwenye daftari la skuli, lile likirowa maji ya chumvi kurasa zinagandana na mwisho wa mwezi ni mabishano tu, huyu anasema nimeleta mapolo manne yule anasema matatu. Mie nafanya kazi za kutengeneza apu, nikaona hili naliweza, nikamtengenezea daftari la kwenye simu, unachagua jina la mkulima, unaweka aina ya mwani kama ni spinosumu au kotonii, idadi ya mapolo, kilo, halafu unapiga picha ya mizani ikiwa bado inaning'inia na polo lake ili baadae asitokee mtu wa kubisha. Nikaijaribu kwenye simu yangu wiki nzima, haikuleta tatizo hata moja, nikampelekea.

Bamvua la kwanza tu akanipigia. Akanambia, "Mwanangu, hili daftari lako linanisahau. Naandika vizuri, nikishapiga picha linanirejesha mwanzo kama sijaandika kitu."

Nikamuuliza labda unagusa pa kurudi nyuma bila kujua. Akasema hapana. Nikamwambia zima simu uiwashe. Akaizima akaiwasha, siku ile ikaenda vizuri kidogo halafu ikarudi vilevile. Nikamtumia toleo jipya ambalo kwa kweli sikubadilisha kitu cha maana maana sikuwa nimeliona tatizo kwa macho yangu, na kwa wiki tatu nikawa naamini moyoni kwamba ni yeye ndie anakosea pahala. Hilo nalisema wazi kwa sababu najua tupo wengi, mtu mzima analalamika simu "inarudi mwanzo" na sisi vijana tunajibu bila ya kwenda kuangalia.

Ijumaa moja baada ya sala nikaenda nikakaa nae kwenye kibanda cha kupimia. Simu yake ni ya RAM GB 2, ile ambayo kwenye boksi wanaandika Android Go, ina WhatsApp yenye makundi kama kumi na tano hivi, kuna redio ya Kurani ambayo huwa anaiacha ikisoma, na kuna ile apu ya "kusafisha simu" ambayo fundi alimuwekea. Akaja mama mmoja na polo lake. Shangazi akachagua jina, akagusa spinosumu, akaandika polo moja, kilo 38, akagusa alama ya kamera. Skrini ikawa nyeusi sekunde mbili tatu, kamera ikafunguka polepole, akapiga, akagusa alama ya vema. Skrini ikawa nyeupe. Halafu ikaja nembo ya apu, ile ya jani la mwani niliyoichora mwenyewe, halafu ukurasa wa kwanza kabisa: "Karibu. Anza kupima."

Zile 38 hazipo, jina halipo, picha haipo. Shangazi hakusema kitu, akainua mizani akatoa kipande cha karatasi alichokibana chini ya jiwe, kishaandika pale 38 na jina, kwa penseli, kabla hata ya kushika simu. Kumbe wiki zote tatu alikuwa anaandika mara mbili.

Nilichokiona pale ndicho ambacho watu wengi mnakutana nacho kila siku na mnadhani ni apu mbovu au simu ina virusi. Umo ndani ya apu, unatoka kidogo kwenda kuangalia meseji au kupiga picha au kujibu WhatsApp, unarudi, unakuta umeanza upya. Haikuandika kwamba kuna kosa, haikusema "imesimama", imeanza tu upya kama vile ndio kwanza umeifungua asubuhi. Hiyo karibu kila mara ni jambo moja, apu yako iliuliwa ukiwa hupo. Na si kwa bahati mbaya, mfumo wa simu wenyewe ndio ulioamua kuiua.

Tuanze na RAM. RAM ni pale ambapo apu zinakaa zikiwa zinafanya kazi, na ni kitu tofauti na ile GB 32 ya kuwekea picha na nyimbo. Simu ikiwa na RAM GB 2 usidhani zote mbili ni zako, mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa kabla hujafungua kitu. Kompyuta ya mezani ikijaa huwa inahamishia vitu kwenye diski na inakuwa nzito lakini inaendelea, simu ya Android kwa kawaida haifanyi hivyo, inachofanya ni kuvibana vile vitu ambavyo havitumiki sasa hivi hapo hapo ndani ya RAM, na ukifika mwisho wa kubana hakuna njia nyengine ila kuondosha. Ni kama chombo kimeshapakia na bahari imechafuka, nahodha hamuulizi mwenye shehena, anatosa ili chombo kifike.

Na kutosa kwenyewe kuna utaratibu. Ndani ya Android kuna kijiprogramu kinaitwa `lmkd`, kazi yake ni kuangalia RAM inavyobanwa na kuchagua nani atoke. Kila apu imepewa namba, apu unayoiangalia kwenye skrini sasa hivi ina 0, yaani huyo haguswi mpaka hali iwe mbaya khasa, ile inayopiga redio kwa nyuma ina namba ya chini kwa sababu mtu anaisikia, apu uliyotoka punde hivi inapewa 700, na zile ulizoziacha tangu asubuhi zipo 900 kwenda juu mpaka 999. Mwenye namba kubwa anatoka mwanzo. Sasa angalia kilichompata shangazi: alipogusa alama ya kamera, daftari langu likatoka kwenye 0 likaenda kule nyuma, na kamera ikachukua nafasi ya 0. Kamera ni katika vitu vinavyokula RAM nyingi kwenye simu, inafungua picha kubwa kubwa kadhaa kwa wakati mmoja ndani ya kumbukumbu. Kurani inasoma, WhatsApp ipo, kamera inataka nafasi sasa hivi. `lmkd` ikatosa zile za 900, haikutosha, ikaja kwenye 700, ambae ni mie.

Na inavyoua haikugongei mlango. Inatuma amri ya kuua moja kwa moja, ile ambayo programu haiwezi kuikataa wala kuipokea, kwa hiyo hakuna sehemu ya koding yako ambayo itapata nafasi ya kusema ngoja nisevu kwanza. Ndio maana pia hakuna ripoti ya kosa. Mie nilikuwa nina mfumo wa kunitumia ripoti apu ikianguka, nikawa naangalia kila siku ni tupu kabisa, nikachukulia huo ni ushahidi kwamba apu yangu ni nzima. Ilikuwa nzima kweli, ila ilikuwa inauliwa.

Kuna kitu kidogo kinachowadanganya watu sana na ndicho kilichomfanya shangazi aseme inamsahau. Ukibonyeza kile kitufe cha kuonesha apu ulizozifungua, unaona kijipicha cha apu yako na ile fomu yako na 38 yako ipo pale, ukiigusa inafunguka na kijipicha kinakuwa kikubwa, kwa nusu sekunde unaona kila kitu, halafu kinatoweka unarudishwa mwanzo. Ile si apu, ni picha tu ambayo mfumo uliipiga wakati unatoka. Apu yenyewe inaweza kuwa ilishakufa dakika kumi nyuma na picha yake bado ipo pale.

Niliporudi nyumbani Wete nikaazima simu ya bwana mdogo wangu, nayo ya GB 2, nikaichomeka kwenye laptopu kwa waya. Kitu cha kwanza nikataka uthibitisho na si dhana. Kila apu ikiwa hai inayo namba yake ya prosesi, ikifa ikafufuka inapata namba mpya. Nikafungua daftari, ambalo jina lake ndani ya simu ni `tz.mwani.daftari`, nikauliza kwa `adb`, chombo cha kuiamrisha simu kutoka kwenye laptopu:

```
adb shell pidof tz.mwani.daftari
```

Ikajibu 11842. Nikajaza fomu, nikafungua kamera kutoka humo humo, nikapiga, ikarudi mwanzo, nikauliza tena: 12397. Basi, si ile tena, ile ya mwanzo ilishakufa. Na kuanzia Android 11 mfumo unaweka kumbukumbu ya vifo, unaweza kuusoma hivi:

```
adb shell dumpsys activity exit-info tz.mwani.daftari
```

Nikakuta pale imeandikwa `LOW_MEMORY`. Simu nyengine haziwezi kuripoti hivyo, utaona tu kwamba imeuliwa kwa ishara namba 9, mara nyingi ni jambo lile lile. Ukiona `CRASH` hapo sasa hiyo ni habari nyengine, hiyo ni apu yako imeanguka yenyewe, katafute kosa kwenye koding.

Shida ya pili ilikuwa haitokei kila mara. Mara moja inatokea, mara tatu haitokei, na huwezi kurekebisha kitu ambacho huna uhakika kitakuja lini, ukibadilisha kitu na kisitokee utajuaje kama umekiponya au ni bahati? Na kwenye simu yangu mwenyewe ya GB 6 haikuwahi kutokea hata siku moja, ndio sababu ile wiki yangu ya majaribio haikuwa na thamani yoyote. Dawa ni kuiua mwenyewe kwa mkono, na hili ndilo ambalo ningetamani kila mtu anaetengeneza apu huku kwetu alifanye kabla ya kumpelekea mtu. Jaza fomu, fungua kamera ndani ya apu yako, kamera ikiwa ipo juu andika kwenye laptopu:

```
adb shell am kill tz.mwani.daftari
```

Halafu endelea kama mtumiaji, piga picha, gusa vema, uangalie unarudi wapi. Hiyo amri inaua apu iliyo nyuma tu, ukiwa bado unaiangalia kwenye skrini haifanyi kitu, kwa hiyo lazima utoke kwanza. Na usichanganye na `am force-stop`, wala usiitelezeshe apu kutoka kwenye ile orodha ya zilizofunguliwa ukadhani umeigiza kitu kimoja, ile unamwambia mfumo kwamba nimemaliza na hii, na mfumo unafuta hata kile kidogo ulichokuwa umeweka. Unakuwa unapima kifo cha aina nyengine.

Sasa kwa nini ikarudi ukurasa wa kwanza na sio pale pale kwenye fomu? Hapa lazima niitetee Android kidogo, kwa sababu haikusahau yote. Apu inapouliwa hivi, mfumo unabaki unajua kwamba mtu huyu alikuwa ndani ya apu hii, skrini ipi ilikuwa juu, na unabaki na kifurushi kidogo cha data kama apu ilikiweka. Ukirudi, mfumo unaizindua apu upya, unaifungua ile skrini ya juu na unaikabidhi kile kifurushi, chukua vitu vyako. Mie nimetengeneza kwa Flutter, nyenzo ya kutengenezea apu, na apu ya Flutter kwa Android inaonekana ni skrini moja tu, kurasa zote ukurasa wa majina, wa kilo, wa picha zimo ndani ya ile moja na Android haizioni. Kwa hiyo ikafungua ile skrini yake moja, Flutter ikaanza kutoka `main()`, ikaweka ukurasa wa kwanza, na kifurushi kilikuwa kitupu kwa sababu mie sikuweka kitu. Kilo 38 zilikuwa zimekaa kwenye kigezo ndani ya RAM, na RAM ile kishapewa kamera.

Wanaotengeneza apu kwa lugha ya Kotlin wasije wakadhani wameponea. Nimewaona watu wanaweka kila kitu kwenye `ViewModel` wakaridhika kwa kuwa wakiigeuza simu ikalala upande fomu haipotei. Kugeuza simu na kuuliwa ni vitu viwili, `ViewModel` inavuka kugeuzwa, haivuki kifo, kinachovuka ni kile ulichokiweka kwenye `SavedStateHandle` au kwenye kile kifurushi. Na kifurushi chenyewe ni kidogo khasa, kinapita kwenye mlango wenye MB 1 tu ambayo prosesi nzima inagawana, kwa hiyo weka namba na maandishi mafupi, ukijaribu kuchomeka picha humo apu itaanguka na hapo utakuwa umetoka kwenye shida ndogo ukaingia kubwa.

Nilivyofanya mie sikutegemea kifurushi, nilihamisha fomu yenyewe kutoka kwenye RAM kwenda kwenye diski. Pale shangazi anapochagua jina, hapo hapo inaandikwa rasimu kwenye sqlite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya simu, yaani mstari mmoja wenye namba yake, na kila anachogusa kinaongezwa kwenye ule mstari, aina, mapolo, kilo. Mwanzo nilitaka niwe nasevu pale apu inapoenda nyuma, ni kazi rahisi zaidi na unaandika mara moja tu, lakini nikafikiri, kwa nini niache kilo za watu zikae kwenye kitu kinachoweza kutoswa halafu nitegemee kuwahi? Kuandika namba mbili tatu kwenye diski ni jambo dogo hata kwa simu ya GB 2, mtumiaji hahisi. Kwa kilo nasubiri kidogo, anapoacha kuandika kwa nusu sekunde ndio nasevu, ili nisiandike 3 halafu 38.

Halafu apu ikianza, kabla ya kuonesha "Karibu" inaangalia kama kuna rasimu haijafungwa. Ikiwepo inaenda moja kwa moja kwenye ile fomu ikiwa imejazwa vilevile.

Ikabaki picha, na picha ndiyo iliyonitesa. Ukiifikiria, kamera imepiga, imemaliza, inataka kumkabidhi picha mtu aliyeiomba, na mtu yule kishakufa. Aliyefufuka hana habari kwamba kuna picha iliombwa. Wale waliotengeneza `image_picker`, ile pakeji ya Flutter ya kupigia na kuchagulia picha, wanalijua hili, wameweka njia ya kwenda kuuliza kama kuna picha iliyokosa mwenyewe, ni kwa Android peke yake, unaiita mwanzo wa apu:

```dart
final r = await ImagePicker().retrieveLostData();
if (!r.isEmpty && r.files != null) {
  await rasimu.wekaPicha(r.files!.first.path);
}
```

Nilikuwa nimeitumia `image_picker` zaidi ya miaka miwili sijaigusa hii, ipo kwenye maelezo yake wazi wazi, niliiruka kwa sababu kwangu picha haikuwahi kupotea.

Nikaiweka, nikaua kwa mkono mara kumi, picha inarudi mara zote kumi, nikafurahi nikampelekea shangazi. Siku mbili baadae nikaangalia data nikaona kitu kilichonitisha kuliko ile ya mwanzo: mkulima namba 17 ana kilo 38 na picha ya mizani inaonesha 21. Nikapiga simu. Shangazi akakumbuka kwamba pale alikuwa amempigia picha mtu mmoja, simu ikaganda ikajizima, alipoiwasha akaacha, akamuanza mtu mwengine kwanza kwa kuwa mama yule alikuwa na haraka ya kuwahi gari. Rasimu zikawa mbili. Picha iliyopotea ikarudi, na koding yangu ikaiweka kwenye rasimu ya mwisho bila ya kuuliza ni ya nani.

Hebu fikiri hiyo ingekuwa mwezi wa malipo. Picha ikipotea mtu anajua imepotea, anapima tena. Picha ikienda kwa mtu mwengine unakuwa umetengeneza ushahidi wa uongo, na picha niliiweka iwe ndiyo ya kumaliza ubishi.

Kwa hiyo sasa kabla ya kufungua kamera naandika kwanza kwenye diski namba ya rasimu inayoisubiri picha, nahakikisha kuandika kumemalizika, ndio nafungua kamera. Ikirudi picha, iwe kwa njia ya kawaida au ya kupotea, inakwenda kwa ile namba na naifuta namba. Ikirudi na hakuna namba inayosubiri, siiweki popote, naionesha na kuuliza ni ya nani. Na jengine, faili analokupa `image_picker` lipo kwenye folda ya muda, ile ambayo simu ikijaa au mtu akisafisha inafutwa, kwa hiyo ikifika tu nainakili kwenye folda ya apu. Ile apu ya kusafisha simu ya shangazi ingekuwa imezifagia zote siku moja.

Na hapo niseme kuhusu hizi apu za kusafisha na huu mtindo wa kutelezesha kila kitu juu, kwa sababu nilimkuta shangazi kila baada ya watu wawili watatu anafungua ile orodha anafagia yote, fundi alimwambia simu inakuwa nyepesi. Nilimuomba aache, na ile apu nikaitoa, mwenyewe ilikuwa inakaa nyuma na kula RAM. Android imetengenezwa ili RAM ijae, apu iliyokaa nyuma kwenye 900 haikugharimu kitu, ikihitajika nafasi itatoswa bila wewe kushughulika. Ukiifagia kwa mkono, kuifungua tena ni kuanza kutoka sifuri, inachukua muda na chaji zaidi, na kama nilivyosema ile hali iliyowekwa inafutwa kabisa. Fagia iliyoganda tu. Nikamshauri pia wakati wa kupima Kurani aisikilize kwenye redio ya kawaida, hilo akakubali.

Kuna sehemu nyengine ya jambo hili inaniuma na sio yangu kuirekebisha. Kuna apu moja ya huduma, sitoitaja, unajisajili kwa namba ya simu, inakutumia namba za siri kwa meseji, unatoka kwenda kuisoma. Kwenye simu za RAM ndogo ukirudi apu ishakufa, inakuanzisha "weka namba yako ya simu", unaweka, inatuma namba mpya na ile uliyoikariri haifanyi kazi tena. Jirani yetu alizunguka hivyo jioni nzima mpaka akafungiwa kwa kujaribu mara nyingi. Nilimsaidia kwa njia ya kijinga lakini inafanya kazi, meseji ikiingia usitoke, vuta kile kipazia cha juu usome humo humo, apu inabaki kwenye skrini na 0 yake. Anaetengeneza kitu kama hicho ilimtosha kusevu vitu viwili, namba ya simu na saa aliyotuma zile namba za siri, mtu akirudi ndani ya muda wake apelekwe kwenye ukurasa wa kuzijaza. Zenyewe za siri wala usizisevu, na nywila pia usisevu kwenye rasimu, simu nyingi huku zinashikwa na watu wawili watatu nyumbani. Apu ya benki ikikurudisha mwanzo kukutaka nywila hiyo ni makusudi na ni sawa, sizungumzii hizo.

Bamvua lililopita nilikwenda tena kibandani, safari hii na laptopu na waya. Shangazi akapima watu 23 tangu maji yalipojaa mpaka alasiri, nami nikawa naangalia namba ya prosesi kila akirudi kutoka kwenye kamera. Ilibadilika mara sita. Mara sita apu iliuliwa mikononi mwake, na kila mara alirudi kwenye fomu ile ile na jina lile lile na kilo zake, kuna kuchelewa kidogo, skrini nyeupe sekunde moja na nusu, ukurasa wa "Karibu" hakuuona tena. Picha moja haikurudi, nikaja kuona kwamba kamera yenyewe ndiyo iliyouliwa kabla hajagusa vema, hiyo hakuna wa kuirudisha kwa sababu haikuwahi kuandikwa. Fomu ikabaki na nafasi ya picha wazi na maandishi mekundu "picha haipo", polo lilikuwa bado linaning'inia, akapiga nyengine.

Ile karatasi ya chini ya jiwe bado anaandika. Nilimuuliza akasema ataiacha mwezi wa nne.